Bahari Ina Pamba Zake: Shusha Mandhari Kabla ya Kupaza Nguo

Wasee, kuna tabia imezoeleka kwa sisi tunaobadilisha mavazi kwenye picha kwa kutumia Stable Diffusion, na mimi siipendi. Nguo ikikataa kutoka vile unataka, unafungua mabano na kuongeza namba. Mikono ya gauni imepotea? Weka 1.4. Bado? 1.6. Bado tu? 1.8, halafu unashangaa mbona kitambaa kinang'aa kama karatasi ya chokoleti na gauni limeota kola mbili.

Msimamo wangu ni huu: mara nyingi neno la nguo halina makosa. Mwenye makosa ni neno la mandhari, lile uliandika tu ili picha ionekane iko Diani. Hilo ndilo linafaa kushushwa kwanza. Nguo unaigusa baadaye, tena kidogo sana.

Nianze na mabano yenyewe, kwa sababu wengi wanayatumia bila kujua yanafanya nini. Naongea kuhusu ile programu inaitwa AUTOMATIC1111, ambayo wengi wetu tulianza nayo. Ukiweka neno ndani ya mabano ya kawaida bila namba, nguvu yake inazidishwa mara 1.1. Mabano mawili ni 1.1 mara 1.1, yaani 1.21. Mabano ya mraba yanagawanya kwa 1.1, kwa hivyo neno linashuka hadi karibu 0.91. Lakini hayo yote ni ya zamani na yanachosha kuhesabu. Siku hizi unaandika namba yako moja kwa moja:

```
(long sleeves:1.2)
(beach:0.6)
```

Ya kwanza inapaza mikono mirefu, ya pili inashusha ufuo. Moja ni kawaida, juu ya moja ni kupaza, chini ya moja ni kushusha. Hata huhitaji kuandika, unaangazia neno kwa kipanya halafu unabonyeza Ctrl na mshale wa juu au wa chini, na namba inajiandika. Prompti tunaiandika kwa Kiingereza kwa sababu modeli zenyewe zilifunzwa kwa picha zilizokuwa na maelezo ya Kiingereza zaidi. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini ni mjadala wa siku nyingine.

Sasa, hiyo namba inaenda kuzidisha nini? Hapo ndipo watu hupotea. Kabla modeli haijachora chochote, maneno yako yanakatwa vipande vidogo vinavyoitwa tokeni. Kila tokeni inageuzwa kuwa safu ya namba. Kwenye Stable Diffusion 1.5 kila safu ina namba 768. Uzito wako unazidisha hiyo safu. Kisha wakati wa kuchora, kila eneo dogo la picha linaziuliza tokeni zote: nani kati yenu ananihusu mimi? Pale kwenye bega, neno "sleeves" linajibu, lakini neno "beach" pia linajibu. Yaani hakuna ukuta unaosema maneno ya mandhari yakae nyuma na maneno ya nguo yakae kwa mwili. Yote yanapiga kelele kwenye chumba kimoja.

Na neno "beach" halikuja mikono mitupu. Modeli ilijifunza kutoka kwa picha nyingi sana zilizokusanywa mtandaoni pamoja na maelezo yake. Fikiria picha za ufuoni zilizoko mtandaoni. Watu wamevaa nini? Bikini, kaptula, vesti, gauni jepesi la kamba mabegani. Kwa hivyo ukiandika "beach" hujataja mchanga na maji pekee, umetaja pia ngozi. Neno "office" linakuja na blezaa. Neno "snow" linakuja na jaketi nzito na skafu. Neno "gym" nalo unajua vile linakuja. Kila mandhari ina kabati yake, na ukiiita, inafungua hilo kabati bila kukuuliza.

Wacha niwape kazi moja niliyopitia, ndio tuone namba zikifanya kazi.

Kuna dada anashona magauni kwa oda. Mteja anachagua mtindo, rangi na urefu, analipa nusu, ndio kitambaa kinakatwa. Ili mteja aone kabla ya kulipa, huyo dada alikuwa na picha ya mwanamitindo amesimama ufuoni Diani na gauni jeupe la mikono mirefu, na alitaka ile nyeupe ibadilishwe iwe kijani kizito cha kitani, na vifungo vya mbao. Kuna msee alikuwa amemfanyia hiyo kazi, akaleta picha ambazo zilizua maneno. Ndipo faili ikaletwa kwangu pamoja na prompti iliyotumika:

```
photo of a woman on a tropical beach, palm trees, blue ocean,
wearing a dark green linen shirt dress, long sleeves, wooden buttons
```

Ukiisoma haraka huoni shida. Imetaja kila kitu. Lakini picha zilizotoka zilikuwa na mambo matatu. Mikono ilikuwa imeisha kabisa, mabega wazi. Kitambaa kilikuwa chepesi, kinapepea, si kitani. Na kwenye sketi kulikuwa na mchoro wa majani ya mnazi, ambayo hakuna mtu aliagiza.

Mabega wazi ndiyo yaliyoleta moto. Mwanamitindo mwenyewe hupiga picha akiwa amefunika mikono, na alikuwa amesema hivyo kabla hata kamera haijatolewa kwa mkoba. Sasa anatumiwa picha yenye uso wake, na mikono yake iko nje. Yule msee alijitetea ati hakuandika "sleeveless" mahali popote. Ni kweli, hakuandika. Lakini aliandika "beach" mwanzo kabisa kwa nguvu kamili, akaongeza minazi na bahari juu yake, halafu akaacha mikono mirefu ije karibu mwisho. Hilo ni kama kumwambia fundi wa pwani mambo matano ya likizo, halafu ukumbuke heshima ukiwa tayari mlangoni. Simtetei. Ukishika picha ya mtu, kujua maneno yako yanavuta nini ni sehemu ya kazi, na huyo dada alistahili kuombwa msamaha badala ya kuelezewa vile programu inafanya.

Kwa hivyo nilikaa chini na hiyo faili, na nikafuata sheria moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Hii ndiyo sababu wengi hawajifunzi chochote kutoka kwa majaribio yao. Wanabadilisha uzito, wanabadilisha prompti, na `Seed` iko kwa -1, yaani kila mara inachaguliwa mpya. Picha ikitoka poa hawajui ni kwa nini. Mimi niliifunga `Seed`, nikaacha hatua 25, `CFG scale` 7 na `Denoising strength` 0.75, na kila jaribio likatoa picha 4. Eneo la gauni lilikuwa limepakwa kwenye sehemu ya Inpaint, pamoja na mikono yote hadi kiganjani.

Hapo kwa kupaka ngoja nisimame kidogo. Kabla hujalaumu uzito wowote, angalia umepaka wapi. Kama unataka mikono mirefu na mtu alikuwa na mikono mifupi, lazima upake mpaka kwenye mikono, kwa sababu modeli haigusi nje ya ulipopaka. Unaweza kuandika (long sleeves:3) na usipate kitu. Na kama `Denoising strength` yako iko 0.3, picha ya zamani inabaki karibu vile ilivyokuwa, nguo nyeupe itabaki kuwa nyeupe yenye kivuli cha kijani. Hizo ni shida mbili ambazo dawa yake si namba kwenye mabano, na watu hupoteza usiku mzima hapo.

Haya, jaribio la kwanza. Nilifanya vile kila mtu hufanya, nikapaza mikono hadi 1.8 na kuacha mengine yote. Mikono ilirudi, ndiyo. Lakini ilirudi kama sweta: minene, yenye makunyanzi ya ajabu kwenye kiwiko. Picha moja ilikuwa na kipande cha pili cha mkono kikining'inia kama kitambaa cha wahudumu wa hoteli. Kijani kilikuwa kimekolea hadi kinaumiza macho. Na kitu muhimu zaidi, yale majani ya mnazi yalikuwa bado yako kwenye sketi. Bila shaka yangekuwepo! Yalitoka kwa maneno "palm trees". Kupaza mikono hakuna vile kungeyaondoa.

Mbona 1.8 inaharibu? Modeli ilifunzwa na maneno yenye ukubwa wa kawaida. Ukizidisha safu ya neno karibu mara mbili, unampa kitu ambacho hajawahi kuona kwenye mafunzo, na jibu lake ni kutia chumvi: rangi zinaungua, vitu vinajirudia, vifungo vinazaana hadi kwenye mfuko. Hizo ndizo dalili za kuangalia. Ukiona kola mbili au vifungo ishirini, umepita. Kwangu, neno la nguo likivuka 1.4 naanza kuwa na wasiwasi, na sijaona kazi ambayo ilihitaji 1.6 kikweli.

Jaribio la pili nilirudisha mikono hadi 1, nikaweka mandhari yote ndani ya mabano mamoja na kuishusha:

```
(tropical beach, palm trees, blue ocean:0.6)
```

Namba moja mwishoni inahusu maneno yote yaliyo ndani. Majani ya mnazi yaliondoka kwenye sketi papo hapo. Mikono ilikuwa mirefu kwenye picha 3 kati ya 4, na ya nne iliishia kwenye kiwiko. Kitambaa kilikuwa kizito tena. Na hatukuwa tumegusa neno hata moja la nguo! Hiki ndicho kitu nataka uone. Ukifikiria kwa kulinganisha, nguo 1 na mandhari 0.6 ni karibu sawa na nguo 1.7 na mandhari 1. Si hesabu kamili, lakini pengo kati yao linafanana. Tofauti ni kwamba njia moja inaunguza picha, na nyingine haiunguzi.

Pia kuna siri ndogo ndani ya AUTOMATIC1111. Baada ya kuzidisha maneno yako, kwa kawaida programu hurekebisha jumla yote ili wastani urudi ulivyokuwa. Kwa hivyo ukipaza neno moja, mengine yanashuka kidogo. Na ukipaza kila kitu hadi 1.3, ambalo nimeona watu wakifanya, mabano kila mahali kama uzio, unapata mabadiliko kidogo sana. Kama kila mtu kwenye matatu anapiga kelele, makanga hasikii mtu.

Sasa ile picha ya nne, ya mkono kuishia kiwikoni. Mtu mwingine angeongeza namba. Mimi nilihamisha maneno. Kitu kinachosoma prompti kwenye hizi modeli kinaitwa CLIP, na kinasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kila neno linabeba kumbukumbu ya yale yaliyotangulia, lakini halijui yanayokuja. Ukianza na "tropical beach", basi neno "dress" likifikiwa limeshasikia habari za ufuo. Gauni lenyewe lina chumvi ya bahari ndani yake. Na uzito unatumika baada ya huo usomaji kuisha, kwa hivyo kushusha "beach" hadi 0.6 hakuoshi ile chumvi iliyoingia kwenye "dress". Dawa ni kuweka nguo mbele. Likiwa mwanzo, gauni linasomwa bila kujua kama tuko Diani au Nakuru.

Nilipanga upya hivyo tu, namba zikibaki zilezile. Picha zote 4 zikawa na mikono mirefu. Kwangu hili ni kubwa kuliko mabano yote, na ni la bure.

Kilichobaki kilikuwa kiwango cha ustadi: mikono ilikuwa mirefu lakini imelegea, haina kile kipande cha kifungo kwenye kifundo cha mkono, ambacho dada alikuwa amekichora kwenye karatasi yake. Hapo sasa ndipo kupaza nguo kunaingia, mwishoni na kwa kiasi. Niliongeza "buttoned cuffs" na nikapandisha "long sleeves" hadi 1.2. Ikatosha.

Lakini usifikiri basi mandhari ni adui umfute kabisa. Nilijaribu pia 0.3, na kisha nikaondoa maneno ya ufuo yote. Nguo ilitoka safi sana, kitambaa kizuri, kila kifungo mahali pake. Shida ilikuwa mwanga. Mchanga unaonyesha jua la saa sita, kivuli cha mwanamitindo kiko miguuni kikali, lakini gauni lina kivuli laini cha studio. Jicho linakataa. Unaona mtu aliyekatwa kutoka katalogi akabandikwa baharini. Hii ndiyo dalili ya kwamba umeshusha kupita kiasi: angalia upande ambao jua linapiga bega, kisha angalia mkunjo wa kitambaa hapohapo. Kama mkunjo haujui jua liko wapi, rudi juu.

Hapo nikagundua kwamba maneno ya mandhari yanafanya kazi mbili tofauti, na watu tunayashusha pamoja kama gunia moja. Kuna maneno ya vitu: ufuo, minazi, bahari. Hayo ndiyo yanakuja na kabati ya nguo. Halafu kuna maneno ya mwanga: jua kali, mchana, mawingu. Hayo hayana nguo zake, au yana kidogo. Vitu unavishusha, mwanga unauacha kwa nguvu kamili. Prompti iliyomaliza kazi ilikuwa hii:

```
dark green linen shirt dress, (long sleeves:1.2), buttoned cuffs,
wooden buttons, woman standing, harsh midday sunlight,
(tropical beach, palm trees, blue ocean:0.6)
```

Kwenye sehemu ya maneno ya kukataza niliweka `sleeveless, bare shoulders, leaf print`, bila namba yoyote. Linganisha na ile prompti ya kwanza. Maneno ni karibu yaleyale. Kilichobadilika ni nani anatangulia na nani anaongea polepole.

Kuna mipangilio moja inayoweza kukuharibia haya yote, na ni ile ya `Inpaint area`. Ukichagua `Whole picture`, modeli inaona picha nzima, kwa hivyo bahari tayari iko mbele ya macho yake na haihitaji kuambiwa sana. Ukichagua `Only masked`, programu inakata lile eneo ulilopaka na ukingo mdogo pembeni, kwa kawaida pikseli 32, inalikuza na kulichora peke yake. Sasa fikiria: modeli inaona kifua na mikono tu, lakini prompti inasema minazi na bahari. Itafanya nini? Itatafuta pa kuweka mnazi. Nimeona bahari ndogo imechorwa tumboni mwa shati, na mchanga kwenye mfuko. Ukiwa kwenye `Only masked`, mimi naondoa vitu vyote vya mandhari, nabakisha mwanga pekee, au naongeza ule ukingo ili modeli ione zaidi.

Na sasa mtego wenyewe, ambao naona watu wazima wakiuingia. Mtu amesikia kwamba mabano ya mraba hushusha, na kwamba unaweza kuweka namba, basi anaviunganisha:

```
[beach:0.6]
```

Hii si uzito. Kwenye AUTOMATIC1111 hii inamaanisha "ongeza neno beach baada ya asilimia 60 ya hatua". Kama una hatua 25, neno halipo kabisa hadi hatua ya 15, halafu linaingia kwa nguvu kamili. Kinachochekesha ni kwamba mara nyingine inafanya kazi vizuri, na ndiyo maana uwongo huu unaendelea kusambaa. Umbo la nguo, yaani mikono iko au haiko, gauni ni refu au fupi, huamuliwa hatua za mwanzo. Ufuo ukifika umechelewa, mikono imeshashonwa. Ukitaka kuitumia kwa makusudi, tumia, ni mbinu halali. Lakini ukidhani umeshusha uzito halafu unabadilisha 0.6 kuwa 0.4 ili "kupunguza zaidi", unafanya kinyume: unaleta ufuo mapema.

Ukitaka kuona tofauti bila kubahatisha, kuna kile kifaa cha `X/Y/Z plot` chini ya ukurasa, kwenye orodha ya `Script`. Chagua `Prompt S/R` na uandike `0.6, 0.4, 0.8, 1.0`. Namba ya kwanza ndiyo inatafutwa kwenye prompti yako, zinazofuata zinachukua nafasi yake moja moja, na unapata jedwali la picha zote pamoja. Hakikisha tu hiyo 0.6 haiko mahali pengine kwenye prompti, kwa sababu kila 0.6 itabadilishwa. Kwa kompyuta ya kawaida inachukua muda, nenda ukachemshe chai.

Kuna kikomo ambacho uzito hauvuki. Namba inakuza kile modeli inajua, haiifundishi kitu kipya. Ukiandika `(kitenge:1.5)` kwa modeli ambayo haijaona hilo neno mara nyingi, unakuza ukungu. Unapata maua maua ya rangi nyingi yasiyo na kwao. Bora uandike `African wax print` kwa uzito wa kawaida, na hata hivyo usitarajie mchoro uleule ulio kwenye kitambaa ulichonunua. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hizi picha ni za kumwonyesha mteja rangi, urefu na mikono kabla ya kushona, basi. Gauni likishashonwa, piga picha ya gauni. Yule dada nilimwambia aandike chini ya picha kwamba ni mchoro na nguo bado haijashonwa, na mwanamitindo aone kila picha kabla haijapanda. Alikubali la pili haraka kuliko la kwanza.

Mwisho, ukihamisha prompti hii kwenda programu nyingine, usibebe namba zangu kama zilivyo. ComfyUI inasoma `(long sleeves:1.2)` vilevile lakini haifanyi yale marekebisho ya wastani, kwa hivyo namba ileile inapiga kwa nguvu zaidi. Anza na 1.1. Mabano ya mraba huko hayashushi chochote. Midjourney inatumia nukta pacha mara mbili, kama `dress::2 beach::1`. Na zile programu mpya za kuhariri picha kwa kuandika sentensi ya kawaida hazihesabu mabano yako. Huko unaandika tu kwamba mikono ibaki mirefu hadi kwenye kifundo, kisha unakuza picha na kuangalia mabega kabla hujamtumia mtu yeyote.